Mwambie mteja unajibu saa ngapi, kabla hajakuzoesha usiku wa manane

Leo siongelei mbolea wala kantangaze. Naongelea simu, maana kuna kijana ninayemhudumia hapa Morogoro imemgharimu mteja mzima, na ninavyoona sio yeye peke yake.

Analima hoho na matango nje kidogo ya mji, na mteja wake mkubwa alikuwa hoteli moja ya mjini. Siku moja saa 5:40 usiku mpishi wa hoteli akamwandikia: "Mdogo wangu, kesho niongezee hoho kreti 3, tuna sherehe." Kijana alikuwa ameshalala. Simu ikatetemeka, akafungua jicho moja, akajibu "Sawa shefu", akalala tena. Asubuhi akaamka saa 11 kama kawaida, akavuna oda aliyokuwa ameiandika kwenye daftari jioni, akapakia kwenye bodaboda. Zile kreti 3 hazikuwemo kwenye daftari, na kichwani hazikuwepo kabisa. Kwenye simu nayo meseji ilishaonekana imesomwa na imejibiwa, kwa hiyo hakuna kilichomkumbusha. Saa 4 asubuhi shefu anapiga simu, hoho haipo. Wiki iliyofuata hoteli ikahamia kwa mtu mwingine.

Alipokuja kwangu alilalamika kwamba wateja wa hoteli hawana huruma, wanasumbua usiku. Nikamuuliza, kwani shefu anajua saa ngapi kwamba hoho imeisha? Jikoni wanafunga saa 4 usiku, ndipo anafungua friji na kuhesabu kilichobaki. Hawezi kukuandikia saa 10 jioni kitu ambacho yeye mwenyewe hajakijua. Kwa hiyo kumkataza asiandike usiku ni kazi bure. Na ukiangalia vizuri, shefu hakuhitaji jibu saa 5:40 usiku. Alihitaji kujua kwamba oda imefika mahali salama na kuna saa maalumu itasomwa kabla ya mavuno. Kwa kuwa hakuwahi kuambiwa saa hiyo, ile "sawa" ya usingizini ndiyo ilikuwa uhakika pekee alioupata.

Basi tukakaa kupanga muda wa kujibu, na tukaanzia shambani, sio kwenye simu. Hoho anavuna kuanzia saa 12 asubuhi kabla jua halijawa kali. Yeye na mdogo wake wanaweza kuvuna kreti 2 za ziada bila msaada. Zaidi ya hapo anahitaji kibarua, na kibarua wa kesho anatafutwa leo jioni. Hapo mipaka ikajichora yenyewe. Oda kubwa lazima ifike kabla ya saa 11 jioni. Oda ndogo ya usiku inawezekana, ila itasomwa saa 11:30 alfajiri na kujibiwa kabla ya saa 12. Mchana anajibu saa 7 akipumzika, kisha saa 11 mpaka saa 1 usiku. Katikati ya hapo yuko kwenye mifereji au anapiga dawa, na mtu aliyevaa glavu za dawa hashiki simu.

Wateja waliobaki akawaandikia mmoja mmoja hivi:

"Habari za kazi. Kuanzia Jumatatu meseji zangu nazijibu mara tatu kwa siku: saa 11:30 alfajiri, saa 7 mchana, na saa 11 jioni mpaka saa 1 usiku. Ukiona umepungukiwa usiku, andika tu, nitaisoma alfajiri na kukujibu kabla ya saa 12 asubuhi. Oda ya usiku mwisho kreti 2. Zaidi ya hapo niambie kabla ya saa 11 jioni. Mzigo ukichelewa njiani, usiandike, piga simu."

Angalia hakuna neno "samahani" wala "nitakujibu haraka iwezekanavyo". Hiyo "haraka" kila mtu ana yake. Kwa mwenye sherehe kesho ni dakika 5. Na ile mstari wa kupiga simu ni wa lazima. Mzigo ukiwa barabarani jambo haliwezi kusubiri saa 7 mchana, kwa hiyo mteja awe na mlango mmoja ulio wazi, na ajue ni wa kazi gani.

Baada ya hapo akaingia WhatsApp Business, sehemu ya Business tools, akaweka saa za kazi na ujumbe wa Away message uende wenyewe, akachagua Outside of business hours. Hapa ndipo alipoharibu. Aliweka kufungua 11:30 AM na kufunga 1:00 PM. Kichwani mwake ilikuwa saa 11:30 alfajiri mpaka saa 1 usiku. Kwa simu, hiyo ni saa 5:30 asubuhi mpaka saa 7 mchana! Mteja akiandika saa 9 alasiri anajibiwa kwamba tumefunga. Alikaa siku 2 anashangaa kwa nini oda zimekauka. Saa yetu na ya simu zinapishana kwa saa 6, kwa hiyo yake ilipaswa kuwa 5:30 AM na 7:00 PM. Ukimaliza kuweka, mwambie rafiki akuandikie mchana na usiku uone kinachotokea. Na kwenye meseji unayoandika kwa mkono, usiandike "saa 1" ikaishia hapo. Andika asubuhi, mchana au usiku.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui: ujumbe wa Away message hautoki kama simu yako haina intaneti. Ukizima data ukilala ili bando lisiishe, mteja wa saa 5 usiku hapati kitu. Ndiyo maana nasisitiza ile meseji ya kuandika mwenyewe, na kwa mteja mpya umwambie kwa mdomo siku ya mzigo wa kwanza. Wale wa simu ya kitochi nao usiwasahau. Kijana wangu anawaandikia saa zake nyuma ya risiti.

Wiki ya kwanza ilimsumbua, tena aliyevunja utaratibu ni yeye. Saa 4 usiku mteja mmoja kaandika, naye yuko macho anaangalia mpira, akajibu. Kesho yake yule yule akaandika saa 5, halafu akatuma alama za kuuliza mfululizo. Ukijibu usiku mara moja umeshamfundisha saa mpya. Kama uko macho, soma, andika kwenye daftari, jibu alfajiri. Na status ya matango uliyotaka kuiweka saa 5 usiku, iweke jioni, maana kuiweka saa hiyo ni kumwambia mteja duka liko wazi.

Mteja mmoja mwenye kibanda cha chipsi alikataa kabisa, akasema anataka mtu wa kumjibu saa yoyote. Wameachana kwa amani. Ile hoteli haijarudi, ila ana mgahawa mpya ambao karibu kila usiku unaandika, na kabla ya saa 12 asubuhi unapata jibu.

Mimi pia nina saa zangu: saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na swali la kipimo cha dawa silijibu usiku hata nikiwa macho. Picha ya jani lenye ugonjwa ipige mchana. Ya tochi inabadilisha rangi, na rangi ya doa ndiyo naanza nayo kutambua tatizo.