Mstari wa Baba Mdogo

Mvulana wa miaka 10, darasa la nne, anaishi kwa bibi yake kwenye kihamba cha ndizi na kahawa kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu kidogo ya Tengeru. Shuleni anahudhuria siku nne kwa wiki. Jumatano haonekani. Mwalimu wake amemwandika mtoro, na ndivyo jina lake lilivyofika kwenye meza ya afisa ustawi wa jamii.

Familia hii ni ya mfano. Nimeitunga kutokana na nyumba nyingi za huku Meru na Arusha ambazo mambo yake yanafanana. Nimeichagua kwa sababu inaonyesha vizuri mchoro tunaouita ramani ya mahusiano, au ekomapu, unavyofanya kazi, na pale unapoweza kumpotosha anayeuchora. Ann Hartman, mtaalamu wa ustawi wa jamii wa Marekani, ndiye aliyeubuni mwaka 1975 kwa ajili ya maofisa walioshughulikia watoto. Alitaka afisa aione familia pamoja na kila kinachoishikilia na kila kinachoielemea, kwa kutupa jicho mara moja tu.

Katikati ya karatasi unachora duara kubwa. Hiyo ndiyo nyumba. Ndani yake unaweka wanaolala humo: mraba kwa mwanamume, duara dogo kwa mwanamke, na umri wa kila mmoja. Kwa familia yetu ni bibi wa miaka 67, mjukuu wa kike wa miaka 14 aliye kidato cha kwanza, mvulana wetu, na mdogo wao wa miaka 5. Baba yao alifariki. Mama amepanga chumba Unga Limited, mjini Arusha, na anauza nguo za mitumba. Kwa kuwa halali kwenye nyumba ile, duara lake linakaa nje.

Kuzunguka nyumba unachora maduara mengine, moja kwa kila mtu, kundi au taasisi inayoigusa familia. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu kazi. Afisa huja na maduara yake kichwani: shule, zahanati, TASAF, kanisa, serikali ya kijiji. Bibi anaulizwa uhusiano wake na kila kimoja ukoje, na kwa heshima anajibu kila mara kwamba ni mzuri. Karatasi inajaa bila afisa kujua lolote jipya. Swali linalofaa ni la tukio lililotokea kweli. "Bibi, mtoto alipougua usiku mara ya mwisho, ulimgongea nani?" Bibi anajibu bila kufikiri: jirani yake wa mfereji, yule wanayepokezana zamu ya maji. Hakuna fomu ya ofisi yenye nafasi ya jirani wa mfereji, lakini ndiye anayebisha hodi asubuhi bibi akichelewa kufungua mlango. Duara lake linachorwa.

Kisha inakuja mistari. Mstari mnene ni uhusiano wenye nguvu. Mstari wa nukta nukta ni uhusiano dhaifu, upo lakini haubebi uzito. Mstari wenye meno kama ya msumeno, au uliokatwakatwa na vijistari kama reli, ni uhusiano wenye msuguano. Pembeni ya mstari unaweka mshale kuonyesha msaada unakotoka na unakokwenda. Kwa jirani wa mfereji tunachora mstari mnene wenye mishale pande zote mbili, kwa sababu bibi naye humpa ndizi na kumwangalizia mbuzi.

Mama wa watoto anahitaji uangalifu. Bibi anamlalamikia mkwewe: hapigi simu, hatumi hela. Ukisikiliza sauti tu utachora meno ya msumeno. Lakini ukiuliza mara ya mwisho alituma lini, bibi anakumbuka kwamba alituma mwezi uliopita, na mwezi mmoja kabla ya hapo hakutuma. Wanapozungumza hawagombani. Huo ni mstari wa nukta nukta. Tofauti hii si ya urembo, maana uhusiano wenye msuguano unataka usuluhishi, na ulio dhaifu unataka kuongezewa nguvu. Ukikosea mstari, utawaita watu kikaoni kupatanishwa ilhali hawajagombana.

Sasa baba mdogo, mdogo wake marehemu. Anakaa jirani na ananunua ndizi vijijini na kuziuza Tengeru. Alinunua sare ya binti alipoingia sekondari, na ndiye anayelipa mchango wake wa chakula cha mchana. Bibi anasema, "Mwanangu, bila huyu tungekuwa wapi?" Mstari mnene, mshale kuelekea nyumbani. Afisa mwenye haraka angekunja karatasi hapo na kuandika kwamba familia ina mlezi wa kiume wa kutegemewa.

Mvulana anapewa karatasi yake mwenyewe, nje chini ya mgomba, bibi akiwa jikoni. Hachori maduara manane kama bibi. Anachora matatu: rafiki yake, mama yake, na baba mdogo. Afisa anapomwonyesha aina za mistari, anachagua ya meno kwa baba mdogo, na anaikoleza mpaka karatasi inakaribia kutoboka. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru. Jumamosi mvulana hushusha mikungu kwenye gari na kuilinda wakati baba mdogo akitafuta wanunuzi. Jumatano vilevile.

Bibi hakudanganya, na mtoto naye hakudanganya. Kosa ni kuuchora mstari hadi kwenye ukingo wa duara kubwa kana kwamba wote waliomo wanagusana na baba mdogo kwa namna moja. Afisa anachora upya: mstari mnene kutoka kwa baba mdogo hadi kwa binti, na mstari wa meno kutoka kwake hadi kwa mvulana, mshale ukitoka kwa mvulana kwenda nje. Ukiiangalia karatasi sasa, unaona chakula cha mchana cha dada kinalipwa na Jumatano za mdogo wake. Neno mtoro halina pa kukaa tena.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, hivyo kazi ile lazima ikome. Lakini ukiukata uhusiano na baba mdogo kwa pupa, binti anakosa chakula kesho yake. Kwa hiyo afisa anatafuta kwenye karatasi mstari mwingine wa kubeba mzigo ule. Mama yupo, kwa nukta nukta: anakubali mchango wa chakula uende moja kwa moja kwa mwalimu, kiasi kidogo kila wiki, badala ya fungu kubwa la mwezi ambalo humshinda. Mshili wa ukoo, ambaye bibi alimtaja mwishoni kabisa, ndiye anayekwenda kuzungumza na baba mdogo. Karatasi ya mtoto haionyeshwi kwa yeyote kati yao, wala haiachwi ofisi ya kijiji, ambako kila mtu anamjua kila mtu.

Kila mchoro unaandikwa tarehe na jina la aliyeueleza, kwa sababu ni picha ya siku ile tu. Baada ya miezi sita afisa anarudi na karatasi tupu, bila kuwaonyesha ile ya zamani ili isiwaongoze. Mstari wa mama umekuwa mnene kwa binti, na kwa bibi bado ni wa nukta. Mvulana anaulizwa tena kuhusu baba mdogo. Anafikiri kidogo, anachora meno, lakini mara hii mepesi, na mshale hauweki.