"Naomba tiketi ya mji mkuu wiki ijayo": Mambo ya kumwambia wakala kabla hujatuma hela

Ujumbe wa aina hii mawakala wa mabasi wanaupata kila siku: "Habari kaka, naomba tiketi ya mji mkuu wiki ijayo." Basi. Hakuna siku, hakuna saa, hakuna daraja la basi, mzigo haujatajwa wala kurudi.

Wakala mzuri atauliza. Mwenye haraka atajaza mwenyewe palipo wazi, atakata kiti chochote alichonacho, na abiria atagundua kosa akiwa ameshalipa.

Tuseme anayetuma ujumbe huo ni dada aliyepo Mwanza. Ameitwa kwenye usaili wa kazi Dodoma, Jumatano saa 3 asubuhi. Hapo tiketi mbaya inaweza kumkosesha kazi.

Mji mkuu upi?

Swali la kwanza la wakala huwa hili: "Dodoma au Dar, dada?" Si utani. Serikali iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973, na sheria ya kuutangaza rasmi kuwa makao makuu ya nchi ikapitishwa 2018. Lakini wapo watu ambao mpaka leo wakisema mji mkuu wanamaanisha Dar es Salaam.

Kwa anayetoka Mwanza kosa hili ni rahisi kufanyika, kwa sababu mabasi mengi ya Dar yanapita Shinyanga, Singida na Dodoma. Basi linaweza kuwa sawa, ila tiketi ikakatwa hadi Dar, na abiria akalipia safari asiyoifika. Kwa hiyo aandike jina la mji, tena na stendi anayopandia, kwa mfano "Nyegezi hadi Dodoma". Tiketi ikija, aangalie kama mwisho wa safari umeandikwa Dodoma.

Siku na saa ndipo wengi wanapoumia

"Wiki ijayo" ina siku saba, na Jumanne ya wiki ijayo kwa mmoja inaweza kuwa Jumanne nyingine kwa mwenzake. Dawa yake ni kuandika siku pamoja na tarehe: "Jumanne tarehe 14". Siku na tarehe zikipishana, wakala atashtuka na kuuliza.

Saa ina mtego zaidi. Zamani mabasi ya mikoani yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku kucha, hivyo ukisema "basi la saa 12" kila mtu alijua ni asubuhi. Mwaka 2023 zuio hilo liliondolewa, na tangu Oktoba mwaka huo kuna mabasi yenye ratiba za usiku. Sasa saa 12 inaweza kuwa alfajiri au jioni, na saa 6 inaweza kuwa mchana au usiku wa manane.

Halafu kuna tiketi ya kielektroniki, ambayo mara nyingi inaandika saa kwa mtindo wa 24. Saa 12 asubuhi inasomeka 06:00, saa 12 jioni inasomeka 18:00. Abiria akiona 06:00 akadhani ni saa 6 mchana, basi litakuwa limemuacha saa sita nyuma.

Hatari kubwa ni basi linaloondoka baada ya saa 6 usiku. Tiketi ikiandikwa Jumatano 00:30, maana yake ni saa 6 na nusu usiku wa kuamkia Jumatano. Abiria anatakiwa awe stendi Jumanne usiku. Wapo wanaofika Jumatano usiku na mabegi yao, wakati basi limeshaondoka karibu siku nzima iliyopita.

Saa ya kuondoka ichaguliwe kwa kuangalia saa ya kufika. Mwanza hadi Dodoma ni kama kilomita 700, na kwa basi ni takriban saa 12. Kwa dada yetu hesabu inakuwa hivi:

- Akiondoka Jumanne saa 12 asubuhi, anafika jioni ya saa 12. Analala, anaamkia kwenye usaili.
- Akiondoka Jumanne saa 8 mchana, anafika saa 8 usiku, muda mgumu kupata usafiri wa kumpeleka kwa ndugu.
- Akiondoka Jumanne saa 12 jioni, anafika Jumatano saa 12 asubuhi. Amebakiwa na saa 3 tu. Pancha moja na foleni ya mizani zinaweza kuzimaliza zote.

La kwanza ndilo linalomfaa. Angesema "wiki ijayo" tu, angeweza kupewa lolote.

Daraja ni pesa

Mabasi yanapewa leseni kwa daraja: la kawaida, la kati na la juu. Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza kutumika Desemba 2023, nauli ya juu kabisa kwa barabara ya lami ilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Kwa kilomita 700 hiyo ni karibu 34,000 dhidi ya 47,500.

Asiyetaja daraja anaweza kukatiwa la bei juu kumbe mfukoni ana ya kawaida. Na rangi nzuri ya basi si daraja. Kabla ya kulipa aulize: "Hili ni daraja gani, na nauli elekezi yake kwa sasa ni ngapi?"

Mzigo usemwe mapema

Tiketi nyingi zinaonyesha uzito unaobebwa bure, mara nyingi kilo 20 kwa mtu mzima. Begi la nguo halina shida. Shida inaanza pale ndugu wa Dodoma wanapoagiza ndoo ya dagaa na gunia la mchele. Mzigo huo ukitajwa stendini basi likiwa linanguruma, bei inapangwa na aliye karibu na buti. Ukitajwa kwa wakala, bei inajulikana mapema, na abiria anaweza kudai stakabadhi yake.

Vyeti halisi vya usaili visiingie kwenye buti hata kidogo. Vikae kwenye begi dogo analopakata.

Kurudi je?

Hapa kukaa kimya hakuna ubaya. Tiketi ya basi kwa kawaida ni ya kwenda tu, na ya kurudi inakatwa peke yake. Dada huyu akifaulu hatua ya kwanza anaweza kuitwa kwenye nyingine siku zinazofuata, hivyo akilipia kurudi mapema atajifunga bure. Aandike "kwenda tu" ili wakala asibaki anauliza. Tofauti ni mwezi wa Desemba, watu wanaposafiri kwa wingi. Wakati huo kiti cha kurudi kinahitaji kuwahiwa.

Ujumbe wenyewe uwe hivi

"Habari za leo kaka. Naomba kiti kimoja, Mwanza hadi Dodoma, Jumanne tarehe 14, basi la saa 12 asubuhi, napandia Nyegezi. Daraja la kati. Nina begi moja na ndoo ya dagaa. Kwenda tu. Jumla ni shilingi ngapi, na nikiahirisha safari inakuwaje?"

Tiketi ikiingia kwenye simu, asiifunge kabla ya kusoma jina lake, tarehe, namba ya kiti, na saa mbili tofauti: ya kuripoti na ya kuondoka. Kosa likionekana siku hiyo hiyo, wakala analirekebisha akiwa bado ana viti. Likionekana stendini saa 11 na nusu alfajiri, huenda basi limeshajaa.