Dawa ya TB na kipimo cha heroini: kwa nini jibu la kwanza halitoshi

Dereva wa lori anaweza kukutana na sharti la kupimwa mkojo kabla ya kuajiriwa. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, kipimo hicho kinaweza kumpa jibu lisilo lake.

Chukua mfano wa dereva aliye katika mwezi wa tatu wa matibabu. Miezi miwili ya dawa nne imekwisha, sasa anameza mbili, rifampisini na isoniazidi, kila asubuhi. Saa nne anatoa mkojo. Jibu linasema kuna opiati, yaani kundi la heroini, mofini na kodeini. Hajawahi kuzigusa.

Kipimo cha awali hutumia kingamwili, chembe zinazoshika molekuli kwa kutambua umbo la sehemu yake tu. Molekuli nyingine ikiweza kunaswa, kipimo huihesabu kama dawa inayotafutwa. Rifampisini si opiati, lakini imeripotiwa kudanganya baadhi ya vipimo vya opiati kwa saa kadhaa baada ya kumezwa. Si vyote, hutegemea aina ya kifaa. Dalili moja ya kumkumbusha mpimaji ni rangi: rifampisini huufanya mkojo uwe wa machungwa au mwekundu.

Kosa jingine ni la macho. Kwenye kijiti, mstari wa dawa ukitokea, hata ukiwa hafifu, maana yake dawa haijafikia kiwango kilichowekwa. Ni mstari kukosekana unaoashiria dawa. Aliyezoea kijiti cha ujauzito husoma kinyume.

Jibu la uhakika hutoka kwa spektrometa ya masi. Kwanza vilivyomo kwenye mkojo hutenganishwa, kila kimoja kikitoka kwa wakati wake. Kisha molekuli huvunjwa na vipande vyake kupimwa uzito. Vipande vya mofini haviwezi kufanana na vya rifampisini, kwa hiyo dereva wetu angeondolewa shaka. Heroini nayo huacha alama yake, 6-asetilmofini, ingawa hutoweka kwenye mkojo katika muda wa siku moja hivi.

Mashine hiyo ina mpaka wake. Aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini atakutwa na mofini ya kweli, kwa sababu mwili hugeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini. Hapo kinachohitajika ni karatasi ya daktari.

Kabla ya kutoa mkojo, andikisha kila dawa uliyomeza na uende na kadi ya kliniki. Jibu likija na dawa usiyoijua, omba kwa maandishi sampuli hiyohiyo ihifadhiwe kwenye baridi na ipelekwe kuthibitishwa, kabla ya uamuzi wa kazi kutolewa. Usiruke vidonge vya TB ili ufaulu kipimo: kuruka dozi huweza kuufanya ugonjwa kuwa sugu kwa dawa.