Simu Inaita, Video Iko Bubu

Mvua ya Rungwe husingiziwa mengi. Pale Msasani, kata ya Tukuyu (si ile ya ufukweni Dar es Salaam), mtu akifungua video na kukuta watu wanatikisa midomo tu, hukimbilia kusema simu imeingia maji na spika imekufa. Baada ya hapo ni kwa fundi, simu ifunguliwe, spika ibadilishwe, hela itoke. Kabla ya kufika huko kuna kipimo kisichogharimu kitu: mpigie huyo mwenye simu. Ikiita kwa nguvu, spika ni nzima.

Kwenye simu janja nyingi, spika inayotoa mlio wa kuita ndiyo hiyo hiyo inayotoa sauti ya video na muziki. Ile ndogo ya juu, inayowekwa sikioni, kazi yake hasa ni mazungumzo. Kwa hiyo mlio ukisikika na video ikawa bubu, kasoro haiko kwenye spika. Iko nyuma yake, mahali ambapo simu inaamua sauti hii iwe kubwa kiasi gani na iende wapi.

Uamuzi wa kwanza ni wa ukubwa. Simu haina sauti moja. Simu za Android zina kipimo cha mlio wa kuita, kipimo cha kengele ya kuamsha, kipimo cha mazungumzo, na kipimo cha muziki na video, ambacho kwenye skrini huandikwa "Media". Kila kimoja hupanda na kushuka kivyake. Mtu aliyezima sauti ya video akiwa ibadani, asubuhi yake simu itaita kama kawaida na video zitabaki kimya.

Hapa umri wa simu nao una neno. Tangu Android 9, iliyotoka mwaka 2018, vitufe vya pembeni kwa kawaida hupandisha "Media". Kwenye matoleo ya kabla yake, ukivibonyeza bila kitu chochote kucheza, kinachopanda ni mlio wa kuita. Ndiyo maana mtu anabonyeza mpaka kidole kinachoka, simu inaita kwa kishindo, na video haijapata hata tone. Dawa ni kuianzisha video kwanza, kisha kubonyeza ikiwa inacheza. Kwenye simu mpya, bonyeza kitufe mara moja, kisha gusa alama ndogo inayojitokeza kando ya mstari wa sauti. Mistari yote itafunguka na utaona ni upi uliolala chini.

Mstari ukiwa juu na kimya kikaendelea, uamuzi wa pili ndio wa kuchunguza: sauti inakwenda wapi? Hapa ndipo Bluetooth iliyosahaulika hufanya vituko vyake.

Tuseme kuna fundi cherehani mwenye kibanda kilichopakana na kinyozi, ukuta wa mbao katikati. Siku moja aliiunganisha simu yake na sabufa ya kinyozi ili wasikilize kwaya. Walipomaliza, aliondoka bila kukata muunganisho. Kesho yake anafungua video ya mishono aliyotumiwa kwenye WhatsApp: kimya. Mteja anapiga, simu inaita vizuri. Anapandisha sauti hadi mwisho, kimya. Jioni akiwa nyumbani anaifungua video ile ile, inaongea. Asubuhi kibandani imekuwa bubu tena.

Maelezo yote yamo humo. Simu na sabufa zikishafahamiana, zikiwa zimewashwa na ziko karibu, mara nyingi huungana zenyewe bila kumwuliza mtu. Vifaa vingi vya aina hii hufikiana umbali wa kama mita 10, na ukuta wa mbao hauzuii kitu. Sauti ya video ilikuwa inatoka, ila ilitokea kwa kinyozi, kwenye sabufa iliyopunguzwa. Na kwa nini mlio haukuhamia huko? Kwa sababu simu nyingi zikiunganishwa na kifaa cha nje hupeleka video na muziki huko tu, lakini mlio wa kuita huutoa pia kwenye spika ya simu, ili mwenye simu asipitwe na mpigaji. Mlio ule unaomhakikishia fundi cherehani kwamba simu ni nzima ndio pia unaomficha kwamba imeunganishwa.

Dalili ni rahisi kuishika. Simu bubu mahali fulani na yenye sauti mahali pengine, au inayonyamaza kila mtu akipanda gari fulani lenye redio ya Bluetooth, haina ugonjwa wa spika. Ukibonyeza kitufe cha sauti, tazama alama iliyo kwenye mstari: ikiwa ni ya Bluetooth au ya vipokea sauti, unaongeza sauti ya kifaa kingine, kwani simu huweka kumbukumbu ya ukubwa wa sauti kwa kila kifaa mbali na ule wa spika yake. Vuta skrini kutoka juu, zima Bluetooth, cheza video. Ikiongea, umemaliza. Ili isijirudie, ingia kwenye orodha ya vifaa, gusa jina la ile sabufa na uchague "Forget", au "Unpair" kwenye simu nyingine.

Wakati mwingine ni programu moja tu inayonyamaza. Video za Instagram na Facebook huweza kuanza zikiwa zimezimwa sauti, na alama ya spika yenye mkwaju hukaa pembeni ya picha ikisubiri kuguswa. Kivinjari cha Chrome nacho kinaweza kuizima tovuti moja na kuziacha nyingine. WhatsApp ina kisa chake: tangu mwaka 2021 mtumaji anaweza kuiondolea video sauti kabla ya kuituma, na video ya namna hiyo itakuwa bubu kwenye simu ya kila aliyeipokea. Njia ya kutenganisha ni kujaribu programu mbili. YouTube ikiongea na Facebook ikanyamaza, acha mipangilio ya simu, shughulika na Facebook.

Mvua haijasamehewa kabisa, lakini mlango wake ni mwingine. Simu yenye tundu la waya wa sikioni hutambua waya kwa viguso vilivyomo ndani ya tundu. Unyevu au vumbi likiviunganisha, simu hudhani waya umechomekwa na kuipeleka video huko, huku mlio ukiendelea kutoka nje kama ulivyokuwa kwa fundi cherehani. Alama ya vipokea sauti ikionekana juu ya skrini na hakuna waya wowote, ndipo pa kuangalia. Chomeka waya na kuuchomoa mara chache, iwashe simu upya, na kama ilinyeshewa iache ikauke mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa. Sindano isiingizwe humo. Viguso vile ni vyembamba na hupinda.

Alama hiyo ikigoma kuondoka hata baada ya tundu kukauka, sasa fundi ana kazi halali. Aambiwe kwamba mlio unasikika na alama ya vipokea sauti haitoki, aanze na tundu, na spika aiache ilivyo.