Kodi ya seva wiki ya usajili wa kozi

Katika somo la kompyuta wingu, zoezi la kulinganisha gharama za mfumo wa usajili hurudi kila mwaka, na wanafunzi wengi hulitatua kwa kulinganisha bei ya seva kwa saa. Mimi naona hapo wanapima kitu kisichoamua sana. Tuchukue chuo cha kubuni cha Tanzania chenye wanafunzi 20,000. Usajili hudumu wiki mbili kila muhula, unafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na siku ya mwisho hufurika tena kwa sababu wapo waliokuwa wakisubiri bumu ili wamalizie ada.

Tuseme saa ya kwanza wanaingia 12,000, kila mmoja akituma maombi 15 hadi amalize. Hayo ni maombi 180,000, wastani wa 50 kwa sekunde. Lakini wastani unadanganya, maana dakika za mwanzo watu wanaingia kwa mkupuo. Tukadirie kilele cha 200 kwa sekunde, na seva moja imudu 25. Tunahitaji seva nane. Siku za kawaida mbili zinatosha, tena ya pili ni ya akiba ya kwanza ikizima.

Chaguo la kwanza ni kukodi seva nane mwaka mzima: saa 70,080 za kulipia. La pili ni kukodi mbili mwaka mzima na kuongeza sita kwa zile siku 28 za usajili. Hapo ni saa 17,520 na nyingine 4,032, jumla 21,552, yaani chini ya theluthi moja. Zile mbili za kudumu ziwekewe mkataba wa mwaka mmoja au mitatu, kwa kuwa watoa huduma wakubwa hutoa punguzo la maana kwa anayejifunga. Sita za msimu zilipiwe kwa saa.

Hizo sita zisiachwe zijiongeze zenyewe pale mzigo unapopanda. Mfumo hungoja vipimo vionyeshe seva zimelemewa, kisha seva mpya huchukua dakika kadhaa kuwaka, na muda huo wanafunzi wameshaanza kubonyeza upya kila baada ya sekunde chache na kuzidisha maombi. Tarehe na saa ya kufungua vinajulikana, kwa hiyo ratiba iziwashe saa moja asubuhi.

Chaguo la tatu, la kulipia kila ombi bila kukodi seva, kama Lambda ya Amazon, linavutia kwa karatasi: miezi isiyo na usajili unalipa kidogo mno. Tatizo lake liko nyuma, kwenye hifadhidata. PostgreSQL ikiachwa na mipangilio yake ya awali hupokea miunganisho 100 tu. Lambda huweza kuwasha mamia ya nakala kwa mpigo, na kila nakala hufungua muunganisho wake. Hata seva zetu nane, kila moja ikishika miunganisho 20, zinafika 160. Utaona seva zinatumia sehemu ndogo ya uwezo wake huku kurasa zimekwama, na kwenye kumbukumbu za mfumo umejaa ujumbe huu:

```
FATAL: sorry, too many clients already
```

Kuongeza seva hapo ni kuongeza foleni. Dawa ni PgBouncer, programu inayokaa katikati na kuwagawia waombaji wengi miunganisho michache, pamoja na hifadhidata kubwa zaidi kwa wiki hizo mbili tu. Kuipandisha daraja hukata huduma kwa muda mfupi, kwa hiyo ifanywe usiku wa kuamkia Jumamosi.

Kisha kuna kozi inayogombaniwa. Nafasi ni 60, waombaji 400, na wote wanagusa mstari mmoja wa jedwali. Programu ikisoma nafasi kwanza na kuipunguza baadaye, inaweza kuandikisha watu 63. Kazi zote mbili zifanyike kwa amri moja:

```sql
UPDATE kozi SET nafasi = nafasi - 1
WHERE msimbo = 'CS301' AND nafasi > 0;
```

Amri isipobadilisha mstari wowote, darasa limejaa. Kumwandikisha mwanafunzi na kupunguza nafasi viwe ndani ya muamala mmoja mfupi, na barua pepe ya uthibitisho itumwe baada ya muamala kufungwa. La sivyo, wengine wote wanamsubiri mmoja.

Ningechagua la pili, na sehemu ya fedha iliyookolewa iende kwenye hifadhidata na kwenye jaribio la mzigo juu ya nakala ya mfumo mzima. Nakala hiyo ifutwe jaribio likiisha. Hifadhidata ya RDS ya Amazon ikisimamishwa tu, huwaka yenyewe baada ya siku saba, na bili ya dola huanza tena kuhesabu.