Mstari mmoja unaobeba mradi mzima

Michanganuo mingi ya miradi huishia mwaka wa tano, ingawa hakuna anayepanga kufunga kiwanda mwaka huo. Miaka yote inayofuata hukusanywa katika mstari mmoja chini ya jedwali: thamani ya mwisho. Mimi huanza kusoma mchanganuo hapo.

Tuseme kiwanda cha kusaga mahindi kinahitaji mtaji wa shilingi milioni 750. Baada ya gharama na kodi, kinatarajiwa kubakiza milioni 100 kila mwaka kwa miaka mitano. Mwenye mtaji anataka faida ya asilimia 16 kwa mwaka, hivyo fedha za mbele zinapunguzwa kwa kiwango hicho ili tujue zina thamani gani leo. Zile milioni 500 za miaka mitano zinabaki 327, chini ya nusu ya mtaji.

Kuanzia mwaka wa sita tunakadiria kwamba fedha zitakua kwa asilimia 5 kila mwaka, bila kikomo. Tunachukua fedha za mwaka wa sita na kuzigawa kwa tofauti kati ya faida inayotakiwa na ukuaji:

```
100 × 1.05 ÷ (0.16 − 0.05) = 954.5
```

Hiyo ni thamani ya mwishoni mwa mwaka wa tano. Ili kuirudisha leo tunaigawa kwa 1.16 mara tano, na tunapata kama milioni 455. Anayesahau hatua hii huuona mradi mbovu kuwa dhahabu. Jumla sasa ni milioni 782, na mradi unaonekana kulipa kwa ziada ya milioni 32. Lakini asilimia 58 ya thamani hiyo yote imetoka kwenye ule mstari mmoja.

Basi tuutikise. Ukuaji ukishuka hadi asilimia 3, jumla inakuwa milioni 705 na mradi unakula hasara. Ukipanda hadi 7, jumla inafika 893. Kiwanda ni kilekile, mashine ni zilezile, ila makisio ya miaka ambayo hakuna aliyeiona yamehamisha karibu milioni 190. Mpaka wa kulipa na kutolipa uko kwenye ukuaji wa takriban asilimia 4.25, na namba hiyo ndiyo ya kumuuliza mwandishi wa mchanganuo: kwa nini unaamini kiwanda kitaipita, milele? Kama jibu lake ni mfumuko wa bei, ile asilimia 16 nayo lazima iwe imeuhesabu.

Kisha tazama mashine. Fedha za mwaka wa tano mara nyingi huonekana nono kwa sababu vinu bado havijachakaa. Tukitenga milioni 20 kila mwaka za kuvibadilisha kuanzia hapo, fedha zinazoingia kwenye kanuni ni 80 badala ya 100. Hata kwa ukuaji uleule wa asilimia 5, jumla inashuka hadi milioni 691, pungufu ya mtaji kwa milioni 59.