Bomba la Mvua Linaporusha Maji Ukutani

Katika nyumba nyingi za Pwani, kuanzia Mombasa hadi Unguja, maji ya kuoga hutoka kisimani, na kisima chenyewe kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yakipita humo huyeyusha chokaa na kuja nayo hadi bafuni. Kila unapofunga bomba la mvua, matone yanayobaki kwenye vitundu hukauka na kuacha chokaa ile ile unayoiona ndani ya birika la chai. Ukoko huota upande mmoja wa kitundu, na maji yakiugonga hupinda. Ndiyo maana uzi mmoja unapiga ukuta, mwingine bega, na katikati pakavu.

Kabla ya kulaumu tangi, fungua kichwa cha bomba, kisha achia maji kidogo. Yakitoka kwa nguvu kwenye paipu tupu, tatizo ni kichwa. Ukikifungua kwa spana, kizungushie kitambaa kwanza kisichubuke. Shingoni utakuta kichujio kidogo; kitoe ukisuuze, mara nyingi kimejaa mchanga.

Sasa kitumbukize kichwa kwenye bakuli la siki nyeupe ya dukani, uso wenye vitundu ukiwa chini. Siki ikiwa vuguvugu hufanya kazi haraka zaidi, ila usiimimine ikichemka, plastiki itapinda. Muda si mrefu vitapanda viputo vidogo: hiyo ni chokaa inayeyuka na kutoa hewa ya kaboni. Visipopanda kabisa, huenda uchafu wako ni kutu au mchanga, na siki haitakusaidia sana. Acha kwa saa moja, kisha sugua kwa mswaki wa zamani na uzibue kila kitundu kwa kijiti cha meno. Sindano sishauri, hupanua tundu na maji yakapinda tena. Vitundu vya mpira visugue kwa kidole gumba tu.

Kichwa kisichofunguka kivalishe mfuko wa mkate wenye siki, ufunge kwa mpira. Rangi ya dhahabu isizidi nusu saa, huchubuka. Na siki usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kufulia. Hutoa hewa ya sumu, na bafu ni chumba kidogo.

Bomba la umeme lina mambo yake. Maji yakipashwa moto huacha chokaa nyingi zaidi, na vitundu vikiziba maji hupita machache, yakazidi kuunguza na kuacha chokaa tena. Zima swichi kuu, toa sahani ya vitundu peke yake, uiloweke hiyo tu. Ukoko ulioshika waya wa kupashia ni kazi ya fundi wa umeme. Ukirudisha sahani, pitisha maji baridi kwanza hadi kichwa kijae, ndipo uwashe. Waya ukiwaka bila maji hukatika.